Pengo kati ya Vilele Viwili

Kwenye baadhi ya pakiti za chumvi ya mezani, ukisoma maandishi madogo ya nyuma, utakuta alama E536. Hiyo ni ferosianidi ya potasiamu, chenga za njano zinazotiwa kwa kiasi kidogo mno ili chumvi isishikane mabonge. Katika maabara za kemia ya umeme kitu hichohicho kina kazi nyingine kabisa. Ndicho kinachotangulia kuingia kwenye bika, kabla ya sampuli yoyote ya thamani, ili mpimaji ajue kama elektrodi yake ni safi na kama vifaa vimeunganishwa sawasawa. Jibu huja kwa namna ya mchoro wenye vilele viwili, kimoja juu na kimoja chini, na jambo la kwanza ambalo kila mtu hulitazama ni umbali kati ya vilele hivyo. Wengi wamekariri kwamba umbali ukiwa milivolti 59, mambo ni mazuri. Namba hiyo ni ya kweli, lakini peke yake haitoshi kutoa hukumu.

Tuanze na kilichomo ndani ya bika. Molekuli ya ferosianidi ina atomu moja ya chuma katikati, imezungukwa na vikundi sita vya sianidi vilivyoishika kwa nguvu sana. Kwa sababu ya mshiko huo sianidi haiachwi huru, na ndiyo maana inaruhusiwa kwenye chumvi. Ila usiimwagie asidi kali wala usiichemshe na asidi, kwa kuwa hapo gesi ya sumu inaweza kutoka. Chuma kilicho katikati kinaweza kutoa elektroni moja. Kikishaitoa, molekuli inakuwa ferisianidi, ambayo chenga zake ni nyekundu. Ferisianidi nayo ikipewa elektroni moja inarudi kuwa ferosianidi. Hakuna kiungo kinachokatika wala atomu inayohama: ni elektroni moja tu inayotoka na kurudi. Jozi ya namna hii ndiyo rahisi kuliko zote kuifuatilia.

Kwa mililita 100 za maji safi yaliyotoneshwa, unapima gramu 7.46 za kloridi ya potasiamu na gramu 0.042 za ferosianidi. Kloridi ya potasiamu inakuwa na ukolezi wa moli 1 kwa lita, na ferosianidi inakuwa milimoli 1 kwa lita, yaani mara elfu moja pungufu. Wingi huo wa chumvi ya kawaida una sababu. Yenyewe haitoi wala haipokei elektroni katika volteji tunazotumia, lakini ndiyo inayobeba umeme ndani ya maji, hivyo ukinzani wa mmumunyo unakuwa mdogo, na molekuli za ferosianidi haziburutwi na nguvu ya umeme. Zinabaki kufika kwenye elektrodi kwa kutangatanga zenyewe tu, kutoka penye wingi kwenda penye uhaba. Mwendo huo ndio msambao, na hesabu zote zinazofuata zinauchukulia kuwa ndio njia pekee ya kufika.

Ndani ya bika zinazamishwa elektrodi tatu. Elektrodi ya kazi ni kijisahani cha kaboni ya kioo, kaboni ngumu nyeusi inayong'aa, chenye kipenyo cha milimita 3, kilichozungushiwa plastiki. Ya pili ni waya wa platini, unaokamilisha njia ya umeme. Ya tatu ni elektrodi rejea, waya wa fedha uliopakwa kloridi ya fedha ndani ya kijibomba chenye kloridi ya potasiamu. Hii ya tatu karibu haipitishi mkondo, kwa hiyo volteji yake haiyumbi, na volteji ya elektrodi ya kazi inapimwa dhidi yake. Kifaa kinachosimamia zote tatu kinaitwa potenshiostati.

Sasa kazi inaanza. Potenshiostati inaiweka elektrodi ya kazi kwenye −0.1 V, mahali ambapo ferosianidi imetulia na hakuna mkondo wa maana. Kisha inapandisha volteji kwa mwendo ulio sawa, tuseme milivolti 100 kila sekunde, mpaka ifike +0.6 V. Hapo inageuza na kushuka kwa kasi ileile mpaka ilikoanzia. Safari nzima inachukua sekunde 14. Mmumunyo haukorogwi, na meza haitikiswi. Wakati wote huo kifaa kinaandika mkondo unaopita katika kila volteji, na mchoro unaopatikana ndio voltamogramu ya mzunguko.

Mwanzoni mstari umelala. Volteji inapokaribia +0.2 V, molekuli zilizogusana na kaboni zinaanza kutoa elektroni, na mkondo unainuka. Unaendelea kuinuka kwa sababu kila milivolti inayoongezeka inazidi kuzishawishi molekuli za usoni pa elektrodi zitoe elektroni zao. Lakini zilizo karibu ni chache. Zikishageuka kuwa ferisianidi, nyingine lazima zije kutoka mbali zaidi, na utando wa maji uliopungukiwa unazidi kunenepa, ingawa hata mwisho wa safari unene wake uko chini sana ya milimita moja. Inafika mahali ambapo uhaba unashinda ushawishi, mkondo unafikia kilele, kisha unaanza kushuka wakati volteji bado inapanda. Ndiyo maana kuna kilele badala ya mstari unaopaa bila kikomo. Volteji inaporudi, ferisianidi iliyotengenezwa bado imejaa karibu na elektrodi, nayo inapokea elektroni na kuandika kilele cha pili upande wa chini.

Urefu wa kilele cha kwanza unaweza kukadiriwa kabla hata ya kuwasha kifaa. Mwaka 1948 Randles na Ševčík, kila mmoja kwa njia yake, walitoa mlinganyo ambao hadi leo unabeba majina yao yote mawili:

```
ip = 2.69 × 10^5 · n^(3/2) · A · D^(1/2) · C · v^(1/2)
```

Hapa n ni idadi ya elektroni, A ni eneo la elektrodi kwa sentimita za mraba, D ni kasi ya msambao, C ni ukolezi kwa moli kwa sentimita ya ujazo, na v ni kasi ya volteji kwa volti kwa sekunde. Kwa elektrodi yetu eneo ni 0.0707, D ya ferosianidi ni kama 6.5 × 10⁻⁶, ukolezi ni 10⁻⁶, na kasi ni 0.1. Jibu ni mikroampia 15 na kidogo. Ukipata 14 au 16, endelea na kazi. Ukipata 5, acha kila kitu uangalie elektrodi, kwa sababu sehemu kubwa ya uso wake haifanyi kazi.

Tuje kwenye pengo lenyewe. Kwa jozi hii, katika mmumunyo huu, katikati ya vilele viwili huangukia karibu na +0.25 V. Katika volteji hiyo ya katikati, kama elektroni zinapita bila kuzuiwa, uso wa elektrodi una ferosianidi na ferisianidi nusu kwa nusu. Kanuni ya Nernst inasema kwamba katika nyuzi joto 25 za Selsiasi kila milivolti 59 inabadilisha uwiano huo mara kumi. Kilele hakitokei katikati, kwa sababu nusu ya molekuli za usoni bado hazijatoa elektroni, na mkondo una nafasi ya kupanda. Kinatokea milivolti 28.5 mbele, pale ambapo robo tatu ya molekuli za usoni zimeshageuka. Wakati wa kurudi hali ni ileile kwa upande wa pili: kilele kiko takriban milivolti 28.5 nyuma ya katikati. Jumlisha, utapata 57.

Mbona basi watu husema 59? Kwa sababu kilele cha kurudi kinategemea kidogo mahali ulipogeuzia volteji. Ukigeuza mapema, milivolti 70 tu baada ya kilele cha kwanza, pengo linakuwa kama 60; ukigeuza mbali, kama sisi tulivyokwenda hadi +0.6 V, linakaribia 58. Joto nalo linachangia: chumba cha nyuzi 32 kinaongeza zaidi ya milivolti moja. Kwa hiyo anayepata 61 hana sababu ya kuhuzunika, na anayepata 58 asidhani ameshinda. Ila ukipata 40 au 30 kwa jozi ya elektroni moja, simama ufikirie. Msambao wa kawaida haupunguzi pengo namna hiyo. Pengine molekuli zimejibandika kwenye elektrodi badala ya kusafiri, na hilo linathibitika kwa kuangalia kama mkondo wa kilele unakua sambamba na kasi yenyewe badala ya kipeo cha pili chake.

Mmenyuko ambao pengo lake limekaa kwenye thamani hiyo ya nadharia huitwa rejeshi. Maana yake katika kemia ya umeme ni finyu: elektroni zinavuka kati ya elektrodi na molekuli kwa wepesi kiasi kwamba katika kila volteji uwiano wa usoni unatulia papo hapo, na kinachobaki kuchelewesha ni msambao pekee. Neno muhimu hapo ni wepesi, na wepesi hupimwa dhidi ya kitu. Fikiria kivuko cha Kigamboni kinachobeba magari 60 kwa safari. Magari yakifika kidogo kidogo, kila linalofika linavuka, na mtu aliye ng'ambo atahesabu kasi ya barabara bila kujua kuna kivuko. Yakimiminika, foleni inajitokeza, ingawa kivuko ni kilekile na nahodha ni yuleyule. Ndivyo ilivyo kwa elektrodi. Ukiongeza kasi ya volteji, unauliza elektroni zivuke haraka zaidi, na mmenyuko ulioonekana rejeshi kwa milivolti 25 kwa sekunde unaweza kuonekana mzito kwa milivolti 400. Hivyo hakuna mmenyuko ulio rejeshi bila masharti. Kuna ulio rejeshi kwa kasi fulani, juu ya uso fulani.

Tuchukue mfano mmoja tuufuatilie mpaka mwisho. Mwanafunzi ameandaa bika kama tulivyoeleza, ameweka kasi ya milivolti 100 kwa sekunde, na mchoro wake unaonyesha pengo la milivolti 140. Vilele vimelala, vipana, na mkondo ni mikroampia 11 badala ya 15. Kishawishi ni kuandika kwenye daftari kwamba mmenyuko si rejeshi na kuendelea na kazi nyingine. Lakini hukumu hiyo inamwangukia mtu asiye na hatia, kwa sababu anayeongea kwenye mchoro huu pengine si ferosianidi bali uchafu.

Kaboni ya kioo ni nyepesi kushika uchafu. Grisi ya kidole, mabaki ya sampuli ya jana, hata hewa ya chumba kwa saa kadhaa, vyote vinaacha utando usioonekana kwa macho. Na ferosianidi, pamoja na urahisi wake wa kemia, ni mwepesi kukasirishwa na utando huo. Hali ya uso wa kaboni na hata aina ya chumvi iliyomo kwenye maji hubadilisha kasi yake ya kutoa elektroni. Ndiyo maana inafaa kukagulia elektrodi, na ndiyo maana haifai kulaumiwa kabla elektrodi haijasuguliwa.

Kusugua kwenyewe kuna utaratibu wake. Unga wa alumina wa mikromita 0.3 unatiwa kwenye kitambaa maalumu kilichobandikwa juu ya kioo, unalowanishwa kwa maji safi mpaka uwe kama uji mwepesi. Elektrodi inashikwa wima kabisa, isiinamie upande, na inazungushwa kwa mwendo wa namba nane kwa dakika moja au mbili bila kukandamiza. Inasuuzwa, kisha kazi inarudiwa kwenye kitambaa kingine chenye unga wa mikromita 0.05. Usichanganye vitambaa, punje moja ya unga mkubwa ikihamia kwenye kitambaa cha mwisho itaacha mikwaruzo. Baada ya hapo elektrodi inasuuzwa kwa maji mengi, ikiwezekana inatikiswa kwa mawimbi ya sauti ndani ya maji safi kwa dakika moja ili punje zilizobaki zitoke. Uso uliosuguliwa vizuri unang'aa kama kioo cheusi, na ukiuinamishia taa huoni mstari wala ukungu.

Tuseme baada ya kusugua, pengo limeshuka kutoka 140 hadi 84, na mkondo umepanda karibu na mikroampia 15. Kusugua tena hakubadilishi chochote. Sasa tuna namba inayostahili kusikilizwa, na bado si 58.

Hapa ndipo kazi ya Nicholson ya mwaka 1965 inapotusaidia. Mwaka uliotangulia yeye na Shain walikuwa wamechapisha hesabu zinazoeleza umbo zima la michoro hii, na sasa akaonyesha jinsi pengo linavyopanuka kadiri uvukaji wa elektroni unavyozidi kuwa mzito ukilinganisha na kasi ya volteji. Alifupisha uhusiano huo katika namba moja, ψ, na jedwali fupi. ψ ikiwa 20, pengo ni milivolti 61, na mmenyuko unahesabika rejeshi. ψ ikiwa 2, pengo ni 72. Ikiwa 1, ni 84. Ikiwa 0.5, ni 105. Na namba hiyo inatokana na:

```
ψ = k° / (π · D · F · v / RT)^(1/2)
```

k° ndiyo kasi ya kuvuka kwa elektroni, kwa sentimita kwa sekunde, na F/RT katika nyuzi 25 ni 38.9 kwa volti. Pengo letu la 84 linasema ψ ni 1. Tukichukua D kuwa 7 × 10⁻⁶, wastani wa molekuli zote mbili, na v kuwa 0.1, sehemu iliyo kwenye mabano inatoa kipeo cha pili cha 0.0093. Kwa hiyo k° ni takriban sentimita 0.009 kwa sekunde.

Uzuri wa jibu hili ni kwamba linaweza kupingwa. Kama kweli k° ndiyo hiyo, basi tunajua mapema kitakachotokea kwa kasi nyingine. Punguza kasi mara nne, hadi milivolti 25 kwa sekunde: ψ inapanda hadi 2, na pengo linapaswa kuwa 72. Ongeza mara nne, hadi milivolti 400: ψ inashuka hadi 0.5, na pengo linapaswa kuwa 105. Mwanafunzi akipima akapata 72, 84 na 105, au namba zilizo karibu sana na hizo, k° moja inaeleza vipimo vyote vitatu. Mmenyuko katika elektrodi hii ni nusu rejeshi, na daraja hilo sasa lina namba nyuma yake. Akipata 83, 84 na 86, kitu kinachopanua pengo hakifuati kasi, na maelezo ya k° hayasimami, atafute kwingine.

Kuna kosa linalofanyika sana hapa, hata kwenye ripoti zilizoandikwa vizuri. Mtu anachora mkondo wa kilele dhidi ya kipeo cha pili cha kasi, anapata mstari mnyoofu, anaandika kwamba mmenyuko ni rejeshi. Mstari huo unathibitisha kwamba molekuli zinafika kwa msambao, basi. Mmenyuko ulio mzito kabisa, usio rejeshi hata kidogo, nao unatoa mstari mnyoofu wa namna hiyohiyo, ila una mwinuko mdogo zaidi. Wepesi wa elektroni unasomwa kwenye mahali pa vilele na jinsi vinavyohama, na urefu wake hautoshi.

Bado kuna mshukiwa mmoja ambaye hajahojiwa, naye ni ukinzani wa mmumunyo. Mkondo unapopita kwenye maji kati ya elektrodi ya kazi na elektrodi rejea, sehemu ya volteji inaliwa njiani. Elektrodi inapokea pungufu ya kile kifaa kinachoandika, hivyo kilele cha kwanza kinasogea mbele na cha kurudi kinasogea nyuma. Pengo linapanuka sawasawa na vile lingepanuka kama elektroni zingekuwa nzito. Tena ukiongeza kasi, mkondo unaongezeka, na pengo linazidi kupanuka. Yaani kipimo cha kasi tatu tulichokifanya hakiwezi, peke yake, kutenganisha ukinzani na uzito wa elektroni.

Kinachotenganisha ni ukolezi. Uzito wa kuvuka ni tabia ya molekuli moja na elektrodi. Zikiwa nyingi au chache, ψ haibadiliki. Lakini volteji inayoliwa na maji ni mkondo mara ukinzani, na mkondo unakua na ukolezi. Katika kloridi ya potasiamu ya moli 1 kwa lita, ukinzani mbele ya kijisahani cha milimita 3 ni kama omu 15 tu, na mikroampia 15 zinapoteza chini ya robo ya milivolti. Hakuna wa kumjali. Ila mwanafunzi aliyebana matumizi akatumia kloridi ya moli 0.1 atakuta ukinzani wa omu 130 hivi. Kwa ferosianidi ya milimoli 1 kila kilele kinasogea milivolti 2, na pengo linaongezeka 4. Akiweka milimoli 10 ili kilele kionekane vizuri, mkondo unakuwa mikroampia 150, kila kilele kinasogea milivolti 20, na pengo linaongezeka 40. Atasoma zaidi ya 100 mahali ambapo jozi yenyewe ingetoa 65.

Kwa hiyo rudia kipimo kwa ferosianidi ya nusu milimoli na ya milimoli 2, bila kubadilisha kasi wala chumvi ya kubebea. Pengo likibaki 84 kote, ukinzani hauna hatia. Likipanda na ukolezi, sogeza elektrodi rejea karibu na ya kazi, ongeza kloridi, kagua kama ncha ya kijibomba cha elektrodi rejea imeziba au ina kiputo cha hewa. Potenshiostati nyingi zinaweza pia kufidia volteji inayoliwa, lakini ukizidisha fidia mkondo unaanza kutetemeka, na mchoro unaotetemeka haukuambii kitu.

Mpaka hapa tumeuliza swali moja tu: je, elektroni zinavuka kwa wepesi? Kuna swali la pili ambalo pengo halilijibu, nalo ni kama kilichozaliwa kinabaki hai mpaka volteji irudi. Kwa hilo tunalinganisha urefu wa vilele. Kila ferisianidi iliyotengenezwa karibu na elektrodi ikibaki ferisianidi, uwiano wa kilele cha kurudi na cha kwanza unakuwa 1. Hapa usomaji unahitaji mkono wenye subira. Kilele cha kwanza kinapimwa kutoka kwenye mstari uliolala kabla yake, ukiurefusha kwa rula mpaka chini ya kilele. Cha kurudi hakipimwi kutoka sifuri. Wakati volteji inapogeuka, mkondo wa kwanza bado unaendelea kufifia, na msingi wa kilele cha kurudi ni mkia huo unaofifia. Anayepima kutoka sifuri atapata uwiano ulio chini ya 1 hata kwa jozi iliyo kamilifu, na ataanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Ili kuona jozi isiyokamilika, osha bika, weka kloridi ya potasiamu ileile, na badala ya ferosianidi tia vitamini C, asidi ya askobiki, iliyomo kwenye machungwa na mapera. Volteji ikipanda kunatokea kilele kizuri kabisa. Molekuli inatoa elektroni mbili. Ikirudi, upande wa chini mstari umelala. Hakuna kilele cha pili, hivyo hakuna pengo la kupima. Sababu ni kwamba kilichozaliwa kinashikana na maji haraka sana na kuwa kitu kingine, ambacho hakipokei elektroni katika volteji hizo.

Kutoweka kwa kilele cha kurudi, hata hivyo, kunaweza pia kuwa na sababu ya uzito: elektroni zikiwa nzito mno, kilele cha kurudi kinaweza kuwa kimesukumwa mbali, nje ya eneo ulilopitia. Ili kutofautisha, kwanza teremsha volteji mbali zaidi upande wa hasi uone kama kitajitokeza huko. Kisha ongeza kasi. Kama tatizo ni kilichozaliwa kufa njiani, kasi kubwa inakiwahi kabla hakijabadilika, na uwiano wa vilele unaanza kupanda kuelekea 1, mradi kasi ya kifaa inashinda kasi ya kile kinachokiharibu. Kama tatizo ni uzito wa elektroni, kasi kubwa inavisukuma vilele mbali zaidi, na uwiano hautengemai kwa njia hiyo.

Vitamini C kwa kasi za kawaida haitoi kilele cha kurudi, na hilo lina gharama yake kwa anayetaka kuandika namba. Kwa ferosianidi alichukua vilele viwili, akatafuta katikati, akapata +0.25 V, volteji inayoihusu jozi yenyewe na inayobaki pale hata kasi ikibadilika. Kwa vitamini C ana kilele kimoja tu, na kilele hicho kinahama anapobadilisha kasi, kinahama asidi ya mmumunyo inapobadilika, na kinahama elektrodi inaposuguliwa. Anaweza kukiandika, mradi aandike pamoja nacho kasi, kiwango cha asidi na namna uso ulivyoandaliwa. Asichoweza ni kukiita volteji ya jozi.